Mwaliko wa kalenda usio na kichwa, ajenda wala mahali: namna ya kuuliza kwa adabu kabla ya kukubali

Jumatatu, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, simu ilitetemeka mezani. Google Calendar ilikuwa imeleta mwaliko: Alhamisi tarehe 12, 10:00 hadi 11:00, na pale panapokaa jina la kikao pameandikwa `No title`. Maelezo hakuna, mahali hakuna. Chini yake vitufe vitatu tu, `Yes`, `No` na `Maybe`. Aliyeutuma ni mratibu wa mradi wetu wa ukaushaji dagaa, mama mtu mzima ambaye sote ofisini tunamwamkia shikamoo.

Mwaliko kama huo niliwahi kuukubali bila kuuliza. Ilikuwa 2022, daraja la Kigongo–Busisi bado linajengwa. Ofisi moja ilinitumia mwaliko mtupu, nikabonyeza `Yes`, na asubuhi ya siku hiyo nikafika getini kwao hapa Mwanza mjini. Mlinzi akaniambia wote wamekwenda Sengerema tangu alfajiri. Nikapanda basi hadi Kigongo, nikapanga foleni ya kivuko, nikafika watu wanakula chakula cha mchana. Walichotaka kwangu ni orodha ya vikundi, na orodha ilikuwa imebaki kwenye kompyuta mezani kwangu. Tangu hapo nimejifunza utaratibu ambao hauchukui zaidi ya dakika kumi, na ndio ninaoueleza hapa.

Kwa nini mwaliko unafika mtupu

Ukijua sababu, hutamwona mtumaji kama mtu wa dharau. Kalenda za Google, Outlook na simu nyingi hutumiana mialiko kwa utaratibu mmoja unaoitwa iCalendar, ambao toleo lake linalotumika leo lilichapishwa 2009. Kikao kinapotumwa, ndani yake huwa kuna mistari ya aina hii:

```
BEGIN:VEVENT
DTSTART:20260312T070000Z
DTEND:20260312T080000Z
SUMMARY:
END:VEVENT
```

Nimeacha mistari mingine ili iwe rahisi kuona. `SUMMARY` ndicho kichwa, na utaratibu unaruhusu kiwe tupu. Mstari wa mahali, `LOCATION`, unaweza usiwepo kabisa. Kisichokosekana ni muda wa kuanza. Kwa hiyo mtu akiwa kwenye daladala ya Buhongwa akagusa saa fulani kwenye kalenda, akaongeza anwani zenu na kuhifadhi, programu haimzuii. Mara nyingi alitaka tu kushika muda kabla haujachukuliwa na kikao kingine, akiwa na nia ya kujaza mengine baadaye. Baadaye ikapita.

Herufi `Z` mwishoni mwa muda ina maana kwamba saa imeandikwa kwa majira ya dunia, UTC. Sisi tuko saa tatu mbele, ndiyo maana 07:00 hapo juu inaonekana 10:00 kwenye simu ya Mwanza.

Hatua ya kwanza: soma kile kilichopo

Mwaliko mtupu nao una habari ndani yake. Ufungue kamili, usiishie kwenye ile arifa ndogo, halafu uangalie waalikwa. Kwangu walikuwa watatu: mimi, mhasibu wetu, na anwani ya mshirika mmoja wa Kigali. Mhasibu akiwemo, kuna uwezekano mkubwa kwamba fedha au stakabadhi zitatajwa. Mgeni wa nje akiwemo, huenda kuna ripoti au ziara. Orodha ya waalikwa ndiyo ajenda iliyo karibu zaidi na wewe.

Kisha angalia urefu. Saa moja kamili haikuambii kitu, kwa sababu Google Calendar huweka dakika 60 yenyewe usipoibadilisha, na Outlook huweka 30. Lakini ukiona dakika 15, au kuanzia asubuhi hadi alasiri, ujue kuna mtu aliyekaa akafikiri. Kikao cha siku nzima huku kwetu mara nyingi maana yake ni safari.

Kuna na kiungo cha Google Meet. Wengi wakikiona wanaamua kwamba kikao ni cha mtandaoni, na hapo ndipo wanapokosea. Akaunti nyingi za kazini zimewekwa ili kalenda iongeze kiungo yenyewe mara tu mwalikwa anapoandikwa, hata kama mtumaji anataka mkutane chini ya mwembe. Kiungo si mahali, mpaka mtu akuambie kwamba ndicho.

Sasa saa, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo, kwa sababu ndipo sisi tunaosema Kiswahili tunapoumia kuliko wengine. Kalenda inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko. Mtu anayefikiria saa tatu asubuhi akiandika 3:00, mwaliko utaangukia saa tisa usiku, na kosa utaliona papo hapo. Kosa lililojificha ni la mchana. Anayefikiria saa nane mchana akaandika 8:00, mwaliko unasomeka saa mbili asubuhi, saa ya kazi ya kawaida kabisa, na hakuna anayeshtuka. Vivyo hivyo saa tisa alasiri ikiandikwa 9:00, inasomeka saa tatu asubuhi. Mwaliko wangu wa 10:00 ungeweza kuwa wa saa nne asubuhi, au wa saa kumi jioni ulioandikwa vibaya. Kwa hiyo kila mwaliko wa 8:00, 9:00 au 10:00 kutoka kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili, uhakikishe. Namna ya kuhakikisha ni nyepesi: iandike saa hiyo kwa maneno ndani ya jibu lako, pamoja na asubuhi au jioni. Kama alikosea, atakusahihisha bila aibu.

Waalikwa wakiwa wa nchi nyingine, mwaliko wenyewe hugeuza saa kwa usahihi. Kampala na Kisumu wako sawa na sisi, lakini Kigali na Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja. Tatizo huja pale saa inapoandikwa kwa mkono kwenye ujumbe. Mtu wa Kigali akikuandikia „tuonane 10:00“, kwako ni 11:00, yaani saa tano asubuhi.

Hatua ya pili: shika muda bila kuahidi

Ukibonyeza `Yes`, mtumaji anapata taarifa kwamba umekubali, na wengine wanaoiona kalenda yako wanaona una shughuli. Baada ya hapo kuuliza „kikao ni cha nini?“ kunakuwa kama kuuliza bei baada ya kulipa. Ukinyamaza, naye hajui kama umeuona. Kwa mtu ninayemfahamu mimi hubonyeza `Maybe`, ambayo kwenye Outlook huitwa `Tentative`, na ndani ya dakika chache naandika ujumbe. Usiiache `Maybe` peke yake. Bila maneno inasomeka kama kusita, hasa kwa mkubwa wako.

Kwa mtumaji usiyemjua, usibonyeze chochote. Hata `No` inamthibitishia kwamba anwani yako ina mtu. Kama orodha ya waalikwa imejaa anwani za ajabu, au kwenye maelezo kuna kiungo cha „zawadi“, fungua menyu ya kikao hicho kwenye kompyuta, uchague `Report as spam`. Unaweza pia kuingia kwenye mipangilio, sehemu ya `Add invitations to my calendar`, ukachagua kwamba mialiko iingie tu inapotoka kwa watu unaowafahamu.

Hatua ya tatu: uliza „nije na nini?“

Hii ndiyo kazi yenyewe. Swali la kwanza linalomjia mtu ni „ajenda ni nini?“ Kwa Kiswahili cha ofisini, swali hilo likienda kwa mkubwa lina ncha kali. Linasikika kama unamdai maelezo kabla ya kumtii, au kama unapima iwapo kikao kina hadhi ya kukufikisha. Swali „nije na nini?“ linaleta jibu lilelile kwa mlango mwingine. Linaanza na nia ya kuja, na mtu hawezi kukwambia uje na mikataba bila kukuambia kwamba kikao ni cha mikataba.

Jambo la pili: weka kisio lako. Swali lililo wazi kabisa humpa mwenzako kazi ya kuandika, naye yuko njiani, ataliweka pembeni. Kisio humpa kazi ya kusema „ndiyo“ au „hapana, ni lile“. Kisio kikiwa si sahihi hakuna hasara yoyote, kwa sababu watu hukimbilia kusahihisha kuliko kuanza kueleza.

La tatu, ulizia mahali ukieleza kwa nini unahitaji kujua sasa. Huku ziwani sababu iko wazi. Kikao cha Kayenze, cha Sengerema na cha Nansio kila kimoja kina usafiri wake, na cha Nansio kinaweza kukulazimu kulala huko. Ukisema „ili nipange usafiri kuanzia Jumatano“, umempa tarehe ya mwisho ya kujibu bila kumwekea tarehe ya mwisho.

Nilimwandikia mratibu kwenye WhatsApp, kwa kuwa ndiko anakojibu:

> Madamu, shikamoo. Nimepokea mwaliko wako wa Alhamisi tarehe 12, saa nne asubuhi, nashukuru. Muda huo nimeutenga. Nadhani tutazungumzia hesabu za vichanja vya Kayenze. Je, nije na daftari la mizani pekee au na stakabadhi za nyavu pia? Naomba pia kufahamu kama tunakutana ofisini au Kayenze kwenyewe, ili nipange usafiri kuanzia Jumatano. Natanguliza shukrani.

Tazama kilichomo. Salamu, kisha shukrani, kisha saa kwa maneno, kisha habari kwamba muda umetengwa. Maswali ni mawili tu, na kila moja linajibika kwa maneno machache. Hakuna mahali niliposema mwaliko wake ulikuwa mtupu. Hilo analiona mwenyewe akiufungua, na si kazi yangu kumwonesha.

Jibu lilikuja baada ya nusu saa:

> Marahaba. Hapana, si vichanja. Yule mgeni wa Kigali anataka kuona mikataba ya vikundi, kwa hiyo njoo nayo yote pamoja na mihuri. Tunakutana Nansio, saa nne hiyohiyo.

Kisio langu lilikuwa na makosa yote mawili, na ndilo lililoleta jibu. Safari ya majini kutoka Mwanza hadi Nansio ni kama saa tatu, kwa hiyo ilibidi nivuke Jumatano. Ningefika ofisini Alhamisi asubuhi nikiwa na daftari la mizani mkononi, ningekuwa nimeikosa shughuli nzima.

Lugha hubadilika kwa mtu

Mwenzako wa rika moja hahitaji sherehe. „Kaka, nimeona mwaliko wa Ijumaa saa tatu asubuhi. Ni ile habari ya barafu? Tunakaa kwako Pasiansi au kwa simu?“ Inatosha, na ukirefusha atashangaa umekasirikia nini.

Kwa diwani, mkuu wa idara au mtu wa nje mwenye cheo, nenda kwa barua pepe, kwa sababu ujumbe husomwa pia na katibu wake, na mara nyingi katibu ndiye aliyetuma mwaliko kwa niaba yake:

> Mheshimiwa, habari za kazi. Ninashukuru kwa mwaliko wa kikao cha Jumatano tarehe 18, saa nane mchana. Ili nifike nikiwa nimejiandaa ipasavyo, naomba kufahamishwa mada kuu na nyaraka ninazopaswa kuwa nazo, pamoja na mahali pa kikao. Nitathibitisha ushiriki wangu mara nitakapopata maelekezo yako.

Hapo sikuweka kisio, na ni kwa makusudi. Kumkisia mtu usiyemzoea mambo anayotaka kusema kunaweza kuonekana ni kujipa ukaribu. Sentensi ya mwisho inamweleza kwamba hujakataa na hujakubali, bila kutumia neno lolote kati ya hayo mawili.

Tahadhari moja kuhusu nafasi ya kuandika maneno mafupi iliyopo karibu na vitufe vya kujibia kwenye Google Calendar. Maneno hayo hukaa chini ya jina lako kwenye orodha ya waalikwa, na wengine wanaweza kuyasoma. Andika hapo mambo mepesi kama „nitachelewa dakika kumi“. Swali la mada lipeleke kwa mtumaji peke yake, wala usitume kwa wote. Kuna mialiko inayoachwa mitupu kwa makusudi, kwa sababu suala ni la mtumishi fulani, mshahara, au upotevu wa fedha ambao bado haujathibitishwa. Ukihisi hivyo, na hasa mkiwa wawili tu kwenye mwaliko, ongeza: „Kama si jambo la kuandikwa, naomba nipigie au niambie tu nije na nini.“ Umemwachia mlango, na akikujibu „njoo hivihivi tu“, mwitikie, usichimbe zaidi.

Usipojibiwa

Subiri siku moja ya kazi. Kama kuna uwezekano wa kuvuka maji, usisubiri zaidi ya nusu siku. Baada ya hapo piga simu, maana ujumbe wa pili wa maandishi husomeka kama lawama kuliko sauti. Mkubwa asipopokea, mpigie katibu muhtasi wake au mwalikwa mwingine unayemwona kwenye orodha. Mhasibu wetu mara kadhaa amekuwa akijua jambo ambalo mimi silijui, kwa kuwa aliombwa kuandaa posho.

Ukikosa wote, uamuzi unategemea nani kaalika. Kwa bosi wako, baki na `Maybe`, na siku ya kikao uwepo mahali mnapokutania kwa kawaida dakika kumi na tano kabla, simu ikiwa mkononi. Kwa mtu wa nje ambaye hajajibu ujumbe wala simu hadi jioni ya siku iliyotangulia, una haki ya kutokwenda. Bonyeza `No` na umwandikie: „Samahani, sikufanikiwa kupata mahali pa kikao wala mada, kwa hiyo sitaweza kuhudhuria kesho. Niko tayari kwa siku nyingine utakayonipangia.“ Sema hivyo jioni, usiseme baada ya kikao.

Kwa mwaliko ulioonekana kutoka kwa taasisi unayoijua lakini anwani ya mtumaji ni ngeni, piga namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Namba iliyoandikwa ndani ya mwaliko huohuo haithibitishi kitu.

Ukishajibiwa

Jibu likikaa kwenye WhatsApp yako, wenzako bado wanautazama mwaliko mtupu. Mhasibu alikuwa bado haoni neno Nansio popote. Nilimwomba mratibu: „Ahsante sana, madamu. Ukipata nafasi, naomba uongeze Nansio na mikataba kwenye mwaliko, ili mhasibu naye aone.“ Angekuwa ameruhusu waalikwa kuhariri, sehemu inayoitwa `Modify event`, ningejitolea kuandika mwenyewe, lakini hata hapo ningeomba ruhusa kwanza. Mwaliko ni wake.

Baada ya muda mfupi ikaingia barua pepe inayoanza na `Updated invitation`. Niliifungua nikasoma upya saa, tarehe na mahali, kwa sababu mtu anapojaza kichwa anaweza kusogeza saa bila kutambua. Safari hii kichwa kilisomeka „Mikataba ya vikundi, Nansio“, Alhamisi, 10:00 hadi 13:00. Saa moja ilikuwa imekuwa tatu, kwa hiyo nikajua pia kwamba sitawahi kurudi Mwanza siku hiyo. Nilibonyeza `Yes`, nikatia mikataba kumi na nne kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, na mihuri nikaifunga peke yake ili wino usigonge karatasi.